Mashahidi Wanne wa Slipu: Mazungumzo na Makeshia Wapya wa Lamu

Asalaam aleikum, na karibuni kaunta. Kabla mlango haujafunguliwa nataka tuzungumze jambo moja tu: namna ya kuigundua slipu yenye kosa mteja akiwa bado amesimama mbele yako. Hapa Lamu mteja akishatoka, huenda ameshafika gatini na boti ya Faza au Kizingitini inamsubiri maji yakiwa mazuri. Kumrudisha si kazi ya dakika tano. Kosa ulilolikamata dirishani unalimaliza kwa slipu mpya na kalamu. Likikuponyoka, jioni utalitafuta kwa jasho.

Slipu ya kuweka pesa ina mashahidi wanne. Wa kwanza ni kiasi kilichoandikwa kwa tarakimu. Wa pili ni kiasi hichohicho kwa maneno. Wa tatu ni mchanganuo, ile sehemu mteja anapoandika noti ngapi za elfu, ngapi za mia tano, mpaka sarafu. Wa nne ni pesa zenyewe zilizoko mkononi mwako. Kazi yako ni kumsikiliza kila shahidi peke yake kisha uwakutanishe. Makeshia wengi wapya huwasikiliza wote kwa pamoja, na hapo ndipo kosa linapopita.

Kuhesabu bila kutazama jumla

Mteja akikupa slipu na pesa, tazama kwanza juu ya slipu: tarehe, jina la akaunti, namba ya akaunti, saini ya aliyeleta pesa. Kisha igeuze slipu kifudifudi, au iwekee karatasi juu ya jumla, uanze kuhesabu.

Najua mashine ya kuhesabu ipo na mtaitumia. Lakini hata mashine hukupa idadi ya noti za aina moja kwa wakati, na wewe ndiye unayejumlisha. Macho yakishaona 64,850 kwenye slipu, akili huivuta hesabu ielekee huko. Unafika 64,000, unaona zimebaki noti chache, unajiambia ni zilezile mia nane hamsini. Hukuzihesabu, umeziamini. Kwa hiyo hesabu, andika mchanganuo wako mwenyewe kwenye karatasi ya pembeni, jumlisha, na ndipo uigeuze slipu.

Tenganisha noti kwa aina kabla ya kuhesabu, zote zikitazama upande mmoja. Bunda lililofungwa na mteja kwa mpira lifunguliwe hata kama amesema ni noti mia moja kamili. Na mkiwa mnazigeuzageuza mtaikuta mara mojamoja noti ya 1,000 ya toleo la zamani, imetoka kwenye kijaluba cha bibi fulani. Noti ile iliacha kuwa pesa halali tarehe 1 Oktoba 2019. Irudishe kwa heshima, mweleze, na usiihesabu katika jumla.

Slipu iliyonifundisha

Nilipokuwa keshia mgeni, katika benki nyingine, alikuja mchuuzi wa samaki siku ya Ijumaa, dirisha limejaa na watu wanataka kuwahi msikitini. Slipu yake ilikuwa na mchanganuo huu:

- 1,000 × 54 = 54,000
- 500 × 21 = 10,500
- 200 × 14 = 2,800
- 100 × 9 = 900
- 50 × 5 = 250

Kwa tarakimu, kwenye kisanduku cha jumla, aliandika 64,850. Kwa maneno aliandika "elfu sitini na nane, mia nne na hamsini". Mimi nilihesabu noti moja moja na idadi zilikubaliana na mchanganuo wake: 54, 21, 14, 9, 5. Nilifurahi, nikatia tiki, nikaingiza 64,850 kwenye mfumo, nikagonga muhuri, nikamkabidhi nakala yake. Sikujumlisha mchanganuo. Sikusoma maneno.

Jumlisheni sasa. 54,000 na 10,500 ni 64,500. Ongeza 2,800, unapata 67,300. Ongeza 900, ni 68,200. Ongeza 250, ni 68,450. Mashahidi watatu, yaani maneno, mchanganuo na pesa, walikuwa wakisema 68,450, na mmoja tu alikuwa amegeuza 8 na 4 mahali pake. Nilimfuata huyo mmoja kwa sababu kisanduku chake ndicho kikubwa.

Jioni nilipofunga hesabu nilikuwa na ziada ya shilingi 3,600. Msidhani ziada ni afadhali kuliko upungufu. Ziada maana yake kuna mtu ambaye pesa zake uko nazo wewe na akaunti yake haina habari.

Mkuu wetu hakuniambia nihesabu sefu upya. Aliniambia niigawanye ile tofauti kwa tisa. 3,600 kwa tisa ni 400, haibaki kitu. Akasema basi tafuta tarakimu mbili jirani zilizobadilishana nafasi, na usitafute kila mahali. Tofauti imeishia na sufuri mbili, kwa hiyo anza na maelfu na mamia. Gawanya kwa 900, unapata 4. Tafuta slipu ambayo tarakimu ya maelfu na tarakimu ya mamia zinapishana kwa nne. Na kwa kuwa una ziada, uliingiza kidogo kuliko ulichopokea, kwa hiyo kwenye slipu hiyo tarakimu ndogo ndiyo imekaa mbele. Nilipekua slipu za siku nzima. Zilizopishana kwa nne namna hiyo zilikuwa mbili, na 64,850 ilikuwa mojawapo. Nikajumlisha mchanganuo wake na kosa likaonekana.

Sababu yake ni nyepesi. Tarakimu ikihama kutoka nafasi ya mamia kwenda ya maelfu, kila moja yake iliyokuwa na thamani ya 100 sasa ina thamani ya 1,000, imeongezeka 900. Jirani yake aliyeshushwa amepungua 900 kwa kila moja yake. Ukikutanisha kupanda na kushuka, tofauti ni 900 mara pengo la tarakimu hizo mbili. Zikibadilishana makumi na mamoja, tofauti ni tisa mara pengo. Makumi na mamia, 90 mara pengo.

Lakini tisa haithibitishi kitu, inaonyesha pa kuanzia tu. Sufuri ikianguka pia tofauti hugawanyika kwa tisa: slipu ya 75,000 ukiiingiza 7,500, tofauti ni 67,500, nayo ni tisa mara 7,500. Na tofauti nyingine hugawanyika kwa tisa kwa bahati tu. Ikiwa haigawanyiki, jaribu nusu yake. Slipu ya kuweka 4,200 iliyoingizwa kama ya kutoa italeta tofauti ya 8,400, kwa hiyo tafuta slipu yenye nusu ya tofauti yako. Ikiwa tofauti ni 500 kamili au 100 kamili, achana na slipu kwanza, rudi kwenye noti: huenda noti ya elfu imelala ndani ya bunda la mia tano, au ya mia mbili ndani ya bunda la mia.

Yule mchuuzi alipigiwa simu kwa namba iliyokuwa kwenye kumbukumbu za akaunti yake. Sahihisho la 3,600 liliidhinishwa na msimamizi, si mimi, na karatasi ya maelezo ikafungwa pamoja na slipu ya asili. Msije mkasahihisha wenyewe kimyakimya kesho yake kwa kuingiza slipu nyingine ya 3,600. Hata nia ikiwa safi, kwenye kumbukumbu litaonekana jambo lisilo na mwenyewe.

Kiswahili chetu na maneno ya slipu

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hamtalikuta kwenye kitabu cha mafunzo kilichoandikwa kwa Kiingereza.

Mteja ameandika "elfu ishirini na tano". Ni ngapi? Wengi mmesema 25,000. Lakini maneno hayohayo yanaweza kuwa 20,005, elfu ishirini na juu yake shilingi tano. "Laki moja na ishirini" kwa mdomo wa sokoni ni 120,000, lakini ukiyachukua maneno kama yalivyo ni 100,020. "Elfu mia na hamsini" ni 150,000, au ni 100,050? Kwetu neno elfu hutangulia, na kinachofuata baada ya "na" hakisemi chenyewe kama kiko ndani ya elfu au nje yake.

Kwa hiyo shahidi wa maneno akisema kitu chenye njia mbili, asiachwe aamue peke yake. Kwenye kuweka pesa, mchanganuo ndio utakaokata shauri. Kama kuna noti 25 za elfu, yamekwisha. Kwenye kutoa pesa hakuna noti bado, na hapo ndipo mwombe mteja aandike upya kwa namna isiyo na njia mbili: "ishirini na tano elfu tu". Elfu ikija mwisho hufunga kila kilichotangulia. Na kama kweli anataka 20,005, aandike "elfu ishirini, na shilingi tano tu". Neno "tu" si pambo. Ni mlango uliofungwa, asije mtu akaongeza neno baada yake.

Na namna ya kuuliza ina adabu na ina hila yake. Usimwambie, "Ni ishirini na tano elfu, siyo ami?" Ami ana haraka, masikio yamechoka, na anakuheshimu, atasema ndiyo kwa lolote utakalomtajia. Muulize, "Ami, leo waweka shilingi ngapi?" unyamaze, aitaje yeye. Kisha linganisha. Swali lenye jibu ndani yake halikupi shahidi mpya.

Jina na namba

Kosa la kiasi huonekana jioni. Kosa la akaunti halionekani, kwa sababu hesabu yako itafunga sawasawa huku pesa zimelala kwa mtu mwingine. Ndiyo maana mimi hulihofia zaidi.

Majina yetu huzunguka. Mjukuu amepewa jina la babu, kwa hiyo unao Mohamed Ali Mohamed na Ali Mohamed Ali, huenda ni mtu na babake, na wote wawili wana akaunti tawi hilihili. Tena Mohamed mmoja ameandikwa Muhammad, Fatma ameandikwa Fatuma, Aisha ameandikwa Esha. Ukitazama haraka utasema ni yeye.

Fanya hivi. Ingiza namba ya akaunti kutoka kwenye slipu, tarakimu kwa tarakimu, bila kukisia tarakimu iliyoandikwa vibaya. Moja na saba, sufuri na sita, nne na tisa ndizo zinazofanana sana kwenye mwandiko wa haraka. Ukiwa na shaka muulize mteja aitaje. Jina likitokea kwenye skrini, lisome lote na kwa mpangilio wake: la kwanza, la pili, la tatu. Kisha muulize aliyeleta pesa, "Akaunti ni ya jina gani?" Usimsomee wewe jina la kwenye skrini, kwa sababu ile ni habari ya mwenye akaunti, na tena atakubali tu. Tofauti ya tahajia, kama Fatma na Fatuma, mweleze msimamizi akiwa karibu. Tofauti ya mpangilio, kama Ali Mohamed na Mohamed Ali, hiyo ni akaunti nyingine mpaka ithibitike vinginevyo. Simamisha kazi.

Msitegemee mfumo ukatae namba mbaya. Utaikataa namba isiyokuwepo. Namba ya jirani ni namba halali.

Slipu ya kutoa

Hapa shahidi wa pesa hayupo, kwa hiyo waliobaki hubeba mzigo mkubwa zaidi: tarakimu, maneno, saini, kitambulisho na uso wa mwenyewe.

Tazama kwanza mwanzo wa tarakimu na mwisho wa maneno. 5,000 iliyoachiwa nafasi mbele ni rahisi kuwa 15,000. "Elfu kumi" iliyoachwa wazi ni rahisi kuwa "elfu kumi na tano". Tarakimu ya mwanzo ikiwa na wino tofauti au imebanwa na ukingo wa kisanduku, au "na tano" imeandikwa kwa herufi ndogo kuliko zilizotangulia, usilipe. Huenda mwenyewe ndiye aliyebadili mawazo akiwa kwenye foleni, na mara nyingi ndivyo. Hata hivyo ataandika slipu nyingine.

Mtaniuliza, tarakimu zikisema moja na maneno yakisema jingine, tufuate lipi? Kwenye hundi, sheria ya hati za malipo inasema maneno ndiyo yanayoshinda. Mkilijua hilo msilichukue mkalitia kwenye slipu ya kutoa pesa, kwa sababu hapa mteja amesimama mbele yako. Hakuna haja ya kukisia alichokusudia mtu aliye umbali wa shubiri tatu. Piga mistari miwili kwenye slipu, andika BATILI, pamoja na nakala yake, umpe mpya. Kamwe usichukue kalamu yako ukamrekebishia tarakimu, hata akikuomba, hata akiwa mjomba wako. Mwandiko wa keshia juu ya kiasi cha mteja hauna utetezi siku ya ukaguzi.

Saini linganisha na ile iliyohifadhiwa kwenye mfumo, ukitazama mwendo wa mkono na si umbo tu: inaanzia wapi, inakatika wapi. Wazee saini zao hutetemeka na kubadilika, na hilo si kosa lao. Kama umeshuku, mpe karatasi tupu asaini mara mbili mbele yako, kisha mwite msimamizi. Anayetumia dole gumba aliweke mbele yako na shahidi awe mfanyakazi mwingine, si kijana aliyemleta.

Na huyo kijana ndiye jambo la mwisho kwenye kutoa. Atakuja na slipu ambayo babu ameshaisaini nyumbani, Matondoni au Siyu, na kiasi kimejazwa na mkono mwingine. Atasema babu anaumwa, na pengine ni kweli kabisa. Slipu ile ni ya mwenye akaunti akiwepo yeye mwenyewe. Usimlipe, na usimfedheheshe mbele ya watu. Mpeleke kwa msimamizi, ambaye anazijua njia ambazo benki imeziweka kwa mteja mgonjwa.

Ukishalipa, andika nyuma ya slipu noti ulizotoa, ngapi za aina gani, na mwombe mteja azihesabu hapohapo kaunta. Jioni, tofauti ikitokea, yale maandishi ya nyuma ndiyo yatakayokuambia kama ulitoa noti 20 za mia tano mahali pa noti 20 za mia mbili.

Kabla muhuri haujashuka

Nakala ya mteja isome kama ulivyoisoma ya asili. Karatasi ya kunakili ikiteleza, nakala itakuwa na tarakimu zilizopinda au haina kitu, na kuna watu hujaza pengo hilo baadaye kwa kiasi wanachokipenda, wakarudi nayo kudai. Tia saini yako ndogo kando ya kiasi kwenye karatasi zote mbili, na mfumo ukitoa risiti ibanwe pamoja na nakala. Muhuri ndio wa mwisho kabisa: umehesabu, umejumlisha mchanganuo, umesoma maneno, umeliona jina, umeingiza, skrini imekubali na kiasi cha kwenye skrini umekilinganisha na kile ulichokiandika pembeni. Muhuri ukishashuka umesema umepokea.

Ijumaa foleni itakapofika mlangoni na mtu wa nyuma akaanza kukohoa kwa makusudi, hatua mtakayoshawishika kuiruka ni kujumlisha mchanganuo. Nimeona hivyo kwa karibu kila keshia niliyemsimamia. Inachukua muda mfupi kwa kikokotoo. Anzeni leo na slipu za kwanza kumi, mniletee mchana karatasi zenu za pembeni tuzitazame pamoja.